Je, Kioo cha Ukungu Kinaifaa Benki?

Agosti 2019 kampuni ya Apple ilianza kutoa kadi yake ya mkopo nchini Marekani, na benki iliyosimama nyuma yake ilikuwa Goldman Sachs. Kadi hiyo ina sura mbili. Ukiifungua ndani ya simu unaona rangi zinazoyeyukiana. Kila aina ya matumizi imepewa rangi yake, vyakula na vinywaji vikiwa na rangi ya chungwa, na kadiri mwenye kadi anavyonunua hiki na kile ndivyo rangi hizo zinavyosambaa na kuingiliana kwenye uso wa kadi. Ukiitoa mfukoni unashika kipande cheupe cha madini ya titani chenye jina la mwenyewe na alama chache, hakina hata namba.

Bidhaa ni ileile, lakini rangi zimeruhusiwa kucheza upande mmoja na zimezuiwa kabisa upande wa pili. Sidhani kama ilitokea kwa bahati. Rangi za kwenye simu zinaweza kubadilishwa usiku mmoja kwa kusasisha programu. Kadi ya chuma iliyokwisha kufika mfukoni mwa mteja haibadiliki mpaka itengenezwe nyingine na kupelekwa tena nyumbani kwake.

Tofauti hiyo ndiyo, kwa maoni yangu, inayopaswa kuiongoza benki yoyote inapoletewa mtindo mpya na kampuni ya matangazo. Kwa kawaida kikao huelekea kwingine. Mkuu wa masoko anasema wenzetu wote wanang'aa, sisi tumebaki kama ofisi ya mkoa. Mkuu wa udhibiti anajibu kwamba benki si duka la vipodozi. Watazozana kuhusu heshima na ujana hadi chai ipoe, na mwenye cheo kikubwa zaidi atashinda. Mtindo wenyewe utakuwa haujaulizwa maswali yanayojibika: utakaa wapi, utasomwa na nani, kwenye simu ya aina gani, na siku ukipitwa na wakati utaondolewa kwa shilingi ngapi.

Mitindo inayobishaniwa sana siku hizi ni miwili. Wa kwanza wabunifu wanauita gredienti: rangi moja inageuka taratibu kuwa nyingine bila mpaka unaoonekana, tuseme bluu nzito inayoishia kuwa feruzi. Wa pili ni kioo cha ukungu: kisanduku kwenye skrini kinachofanana na dirisha lililopulizwa pumzi, ambapo rangi za vilivyo nyuma zinapenya lakini maumbo yake hayatambuliki. Mara nyingi huja pamoja, gredienti ikiwa nyuma na kioo kikielea juu yake, na ndani ya kioo ndimo linapowekwa salio la mteja.

Hakuna kati ya hiyo miwili iliyo mipya. Kioo cha ukungu kilikuwa pambo kuu la Windows Vista iliyofika madukani mwaka 2007, kisha Microsoft wakakiondoa kwenye Windows 8 mwaka 2012. Mwaka uliofuata Apple wakakirudisha katika iOS 7. Mwaka 2020 mbunifu wa Poland, Michal Malewicz, akaupa mtindo huo jina ambalo wabunifu wanalitumia hadi leo, na Juni 2025 Apple wakaja na toleo lao jipya wanaloliita Liquid Glass. Gredienti nayo ilikuwa imetoweka wakati kila kitu kilipofanywa bapa, hadi Instagram ilipobadilisha nembo yake Mei 2016 na kuifanya itambe upya. Benki ambayo ingefuata kila wimbi kati ya mwaka 2007 na leo ingekuwa imeweka kioo, imekitoa, imekirudisha, na sasa inajadili iking'arishe kiasi gani.

Sasa tazama nembo za benki ambazo hazikuingia kwenye mchezo huo. Pembenane ya Chase ni ya mwaka 1961. Mraba wa Deutsche Bank wenye mstari mmoja ulioinama ulichorwa na Anton Stankowski na kuanza kutumika mwaka 1974. Pembesita nyekundu na nyeupe ya HSBC, kazi ya Henry Steiner, imetumika tangu mwaka 1983. Zote tatu ni maumbo ambayo mwanafunzi anaweza kuyachora kwa rula na penseli. Mastercard nao, walipofanya marekebisho mwaka 2016, walirudi kwenye miduara miwili bapa, nyekundu na njano, yenye rangi ya chungwa inapopishana. Mwaka 2019 wakaondoa hata jina, wakaiacha miduara ijitambulishe yenyewe.

Mtu anaweza kuhitimisha hapo kwamba mambo ya fedha na rangi zinazoyeyukiana havipatani. Ingekuwa hitimisho la haraka. Chukua noti yoyote ukaitazame mistari myembamba ya nyuma ya picha. Kwenye noti nyingi duniani, na kwenye hundi nyingi, mistari hiyo huanza na rangi moja na kuishia na nyingine bila kukatika. Wachapaji huweka wino wa rangi mbili au zaidi kwenye mtambo mmoja ili zikutane na kuchanganyika kwenye rola, na matokeo yake ni magumu kwa mghushi mwenye mashine ya kawaida ya kunakili. Kwa hiyo gredienti imo ndani ya fedha zako tangu zamani. Lakini pale iliwekwa kwa kazi maalumu, ikapewa karatasi na mashine inayoiweza, na thamani ya noti ikaandikwa kwa tarakimu kubwa zinazosomeka mara moja.

Hicho ndicho kipimo ninachokiamini. Tukitumie kwenye mfano wa kubuni. Tuseme ipo benki yenye matawi Dodoma, Mwanza na Mbeya, ina mawakala mitaani, na kwa miaka mingi rangi yake imekuwa bluu nzito, ambayo kwenye kompyuta huandikwa #0B2A5B. Kampuni ya matangazo imeleta pendekezo. Bluu hiyo iyeyuke polepole hadi kuwa feruzi, #2EC4B6. Nembo ipakwe gredienti hiyo, programu ya simu iwe nayo ukurasa mzima, na salio likae ndani ya kisanduku cha kioo cha ukungu kwa herufi nyeupe. Kwenye projekta ya chumba cha mikutano inapendeza, hilo siwezi kulikataa.

Nianze na nembo, kwa sababu jibu lake ni jepesi. Muhuri wa tawi una wino wa rangi moja. Risiti ya ATM huchapwa kwenye karatasi inayogeuka nyeusi ikipata joto, na kichwa cha kuchapia kinajua kuchoma nukta au kuiacha, hakina bluu wala feruzi. Bango la wakala mara nyingi hukatwa na mashine kutoka kwenye stika ya rangi moja, kisha likabandikwa kioo cha duka na kukaa juani miaka. Shati la mhudumu wa kaunta linatariziwa kwa nyuzi, na kila rangi ya ziada ni uzi wa ziada. Katika sehemu hizo zote gredienti itageuzwa kuwa nukta chafu, au fundi ataikata katikati apate vipande viwili vya rangi, au atabuni anavyoona yeye. Baada ya mwaka mmoja benki itakuwa na nembo tano zisizofanana, na hakuna hata moja iliyoidhinishwa na bodi.

Wabunifu wanaojua kazi yao hulizuia jambo hili kwa kuchora nembo ya rangi moja kwanza. Ikisimama hivyo, toleo lenye gredienti linaweza kuruhusiwa kwenye skrini na kwenye matangazo ya barabarani yanayobadilishwa kila msimu. Ikiwa nembo haieleweki bila kuyeyusha rangi, basi umbo lake ni dhaifu na rangi imewekwa kuficha udhaifu huo. Kwa benki ya mfano wetu, nembo ibaki bluu bapa.

Kwenye programu ya simu mambo yanakuwa magumu zaidi, na huko ndiko wengi wanakosea kwa kutumia macho badala ya hesabu. Wataalamu hupima kusomeka kwa maandishi kwa kulinganisha mwanga wa herufi na mwanga wa kilicho nyuma yake. Uwiano huo huanzia 1, ambapo herufi haionekani kabisa, hadi 21, ambao ni nyeusi tupu juu ya nyeupe tupu. Mwongozo wa kimataifa wa WCAG unataka uwiano usiopungua 4.5 kwa maandishi ya kawaida, na 3 kwa maandishi makubwa. Zana za kupimia ni za bure mtandaoni: unaingiza namba za rangi mbili, zinakupa jibu.

Ukipima herufi nyeupe juu ya bluu nzito ya benki yetu unapata uwiano wa 14, kiwango kizuri mno. Juu ya feruzi ya upande wa pili unapata takriban 2.2, na hapo hata maandishi makubwa yameshindwa. Kosa la kawaida ni kupima upande mmoja tu, ule wa giza, na kuandika kwenye ripoti kwamba ukurasa umefaulu. Gredienti lazima ipimwe pale inapokuwa dhaifu zaidi. Nikiifuata rangi hatua kwa hatua, uwiano unashuka chini ya 4.5 ikishapita kidogo nusu ya safari, karibu asilimia 57. Maana yake ni kwamba mteja mwenye salio fupi analisoma bila shida, na mwenye salio refu anapoteza tarakimu za mwisho, kwa sababu namba yake imeingia eneo la feruzi. Nakiri kuna kichekesho hapo: kadiri unavyokuwa na fedha nyingi ndivyo usivyoziona.

Na hesabu hiyo ni ya ndani ya nyumba. Ukitoka juani, mwanga unaogonga kioo cha simu na kurudi machoni unaongezeka sawasawa juu ya sehemu nyeupe na juu ya sehemu nyeusi, na tofauti kati yake inakonda. Skrini yenye uwiano wa 4.5 sebuleni inaweza kushuka hadi karibu na 2 kwenye kituo cha daladala saa saba mchana. Ile iliyoanza na 2.2 haitakuwa na cha kupoteza. Benki zinazohudumia wauza mboga, waendesha bodaboda na mawakala wanaokaa nje kutwa zinapaswa kuliona hili kabla ya benki za nchi za baridi.

Je, gredienti itupwe? Hapana, ifupishwe. Badala ya kusafiri kutoka bluu hadi feruzi, itoke bluu ileile hadi bluu iliyo nyepesi kidogo, kwa mfano #12407F. Herufi nyeupe juu ya rangi hiyo ya pili zinapata uwiano wa takriban 10. Ukurasa utakuwa na kina na uhai ambao rangi bapa haina, na namba itasomeka kila mahali. Feruzi inaweza kubaki kwenye picha za matangazo na kwenye michoro ya ukurasa wa kukaribisha, ambako hakuna mtu anayesoma salio.

Gredienti fupi ina ugonjwa wake lakini, na mbunifu asipoujua atashangaa. Simu nyingi huonyesha kila rangi ya msingi kwa ngazi 256 tu. Kati ya bluu hizo mbili za karibu, sehemu ya bluu inapanda kutoka ngazi ya 91 hadi 127, hatua 36 tu, na hatua hizo zinatandazwa juu ya skrini yenye urefu wa pikseli 1,600 au zaidi. Badala ya kuyeyuka, rangi inaanza kuonekana kama mikanda iliyopangwa, hasa kwenye skrini za bei nafuu na gizani. Tangazo likitumwa kwa WhatsApp na kubanwa, mikanda inazidi. Dawa yake ni ya zamani na rahisi: mbunifu anatia chembechembe hafifu sana za vumbi la rangi juu ya gredienti, jicho linadanganyika na mikanda inapotea. Ukiona mikanda kwenye programu ya benki, ujue aliyeidhinisha aliitazama kwenye kompyuta ya gharama kubwa tu.

Nije kwenye kioo cha ukungu, ambacho nakionea mashaka zaidi. Watu hudhani ukungu ndio unaofanya maandishi yasomeke, kwa sababu umefuta maumbo ya nyuma. Kweli umefuta maumbo, lakini haujagusa mwanga. Kompyuta inapotia ukungu inachukua kila nukta na kuichanganya na jirani zake kupata wastani. Kama jirani zote ni nyeupe, wastani wake ni nyeupe. Herufi nyeupe juu ya ukungu mweupe zitapotea vilevile kama ambavyo zingepotea bila ukungu.

Kinachookoa maandishi ni rangi ya kivuli inayopakwa juu ya ukungu, na hapo napo kuna hesabu. Tuseme kioo kimepakwa nyeusi kwa uzito wa asilimia 30, kiasi ambacho bado kinapendeza na kuonekana kama kioo. Nyuma yake ikipita sehemu nyeupe, uwiano wa herufi nyeupe unakuwa 2.1 hivi. Ili ufike 4.5 hata pale mambo yanapokuwa mabaya kabisa, kivuli kinatakiwa kiwe takriban asilimia 54. Kwa usalama ningeweka 60, inayotoa karibu 5.7. Lakini kioo chenye giza la asilimia 60 karibu si kioo tena, ni ubao mweusi uliokonda. Kikiwa kizuri hakisomeki, na kikisomeka uzuri wake umeondoka. Kwa mchezo au programu ya muziki unaweza kuvumilia hali ya katikati, kwa kuwa wimbo utaendelea kulia hata kama jina lake limefifia.

Mtetezi wa kioo atasema kwamba nyuma yake kuna gredienti ya benki pekee, hivyo hakuna cheupe kitakachopita. Siku ya uzinduzi atakuwa sahihi. Baada ya miezi sita idara ya mikopo itaomba bango la ofa ya sikukuu liwekwe juu ya ukurasa, idara nyingine itaruhusu mteja aweke picha ya mwanawe, na orodha ya miamala yenye karatasi nyeupe itaanza kupita chini ya kioo mtu anapoisogeza kwa kidole. Kioo kinategemea kilicho nyuma yake, na kwenye programu ya benki hakuna anayemiliki kilicho nyuma kwa muda mrefu.

Apple wenyewe waliponda kwenye jiwe hilo. Walipoonyesha Liquid Glass Juni 2025, malalamiko kwamba maandishi hayasomeki yalianza wakati toleo bado ni la majaribio, na wakawa wanaongeza na kupunguza ukungu kutoka jaribio moja hadi jingine. Toleo la 26.1, la Novemba mwaka huohuo, likampa mtumiaji chaguo la Tinted, ambalo hukifanya kioo kiwe kizito zaidi. Kampuni inayotengeneza simu ina uwezo wa kurudi nyuma hivyo. Benki iliyolipa mjenzi wa nje kwa mkataba itarudi nyuma kwa ankara mpya.

Kisha kuna simu zenyewe. Android ilipata njia rahisi ya kutia ukungu ndani ya mfumo wake kuanzia toleo la 12, la mwaka 2021. Kwenye simu za kabla ya hapo mjenzi hutumia mbinu zake mwenyewe, ambazo zinaweza kuilemea simu ndogo mpaka ukurasa ukawa unakwama mtu anapousogeza. Hata kwenye simu mpya, ukungu unaofunika dirisha zima unaweza kuzimwa na mtengenezaji wa simu, au ukajizima simu inapoingia hali ya kuokoa betri. Ukungu ukizimika na kivuli ni chepesi, kinachobaki ni kioo kisafi, na maandishi yatasimama juu ya maandishi. Kulijua tatizo hili ni rahisi: chukua simu ya miaka mitano iliyopita, washa hali ya kuokoa betri, fungua programu. Kwa mjenzi makini kisanduku kitakuwa kimegeuka rangi bapa kimyakimya. Kwa asiye makini utaona namba ya akaunti imelala juu ya tangazo la bima.

Kuna ukurasa mmoja ambao sitaki nione gredienti wala kioo hata kama hesabu zote zimefaulu, nao ni ule wa kuthibitisha malipo. Pale mteja anasoma jina la mpokeaji, namba, kiasi na makato, kisha anabonyeza. Akichanganya 3 na 8 fedha zimekwenda kwa mtu mwingine, na kuzirudisha ni simu za huduma kwa wateja, fomu na siku za kusubiri. Nyeusi juu ya nyeupe, tarakimu kubwa, vitenganisho vya maelfu mahali pake. Mbunifu anayeona ukurasa huo unachosha ameuelewa vizuri.

Sehemu kubwa ya wateja wetu, zaidi ya hayo, haitaona chochote kati ya haya. Anayebonyeza *150*66# ya NMB au *150*03# ya CRDB anapata menyu ya maandishi matupu, isiyo na rangi wala nembo. Kwake yeye uzito wa benki umo katika maneno: menyu imepangwa vipi, makato yametajwa kabla au baada, ujumbe wa uthibitisho umekuja haraka kiasi gani. Benki inayotumia fedha nyingi kung'arisha programu na kuacha menyu yenye maneno yaliyofupishwa hadi hayaeleweki, imechagua wateja inaowajali.

Limebaki jambo la kufanana. Mtindo ukishavuma, violezo vyake vinapatikana bure, na yeyote anaweza kutengeneza ukurasa wa zambarau na bluu wenye kioo cha ukungu kwa saa chache. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila kibali. Mkopeshaji wa namna hiyo hana jengo, hana historia, na hana mlinzi mlangoni, hivyo sura ya skrini ndiyo mtaji wake wote wa kuaminika. Benki yenye leseni ikivaa vazi hilohilo inamwondolea mteja alama ambayo ingemsaidia kutofautisha. Sisemi rangi bapa inazuia utapeli, maana nayo inaigwa. Lakini bluu ambayo mteja ameiona kwenye tawi la Mwanza, kwenye kadi na kwenye kitabu cha akiba cha mama yake kwa miaka 20 ina kitu ambacho kiolezo hakina, na kuiyeyusha hadi isitambulike kwa sababu ya msimu mmoja ni kuitupa mali.

Hukumu yangu kwa benki ya mfano wetu ni hii. Nembo, muhuri, mabango na kadi vibaki bluu bapa. Gredienti fupi ya bluu kwa bluu iingie kwenye kichwa cha programu, ikiwa na chembechembe zake, na ile ndefu ya feruzi iishie kwenye matangazo. Kioo cha ukungu kiruhusiwe sehemu moja, kwenye mandhari ya ukurasa wa kuingilia kabla mteja hajaweka namba ya siri, kwa sababu pale hakuna takwimu ya kusoma na picha ya nyuma ni moja isiyobadilika. Salio lipate kisanduku cha rangi kamili. Na kampuni ya matangazo, kabla haijalipwa awamu ya pili, ilete pendekezo lake likiwa limegongwa muhuri, limechapwa kwenye risiti, na limepigwa picha likiwa kwenye simu ya bei nafuu nje juani. Projekta isiwashwe siku hiyo.

Nawe msomaji unaweza kujisaidia bila kusubiri kikao cha bodi. Kwenye iPhone, ingia Settings, kisha Accessibility, kisha Display & Text Size, uwashe Reduce Transparency: vioo vingi vya mfumo wenyewe vitageuka rangi kamili, na programu zilizotengenezwa vizuri zitafuata. Kama programu ya benki yako haikufuata, na bado hulioni salio lako ukiwa nje, ipige picha skrini hiyo kwa simu nyingine, ficha namba ya akaunti, uitume kwa huduma kwa wateja ukitaja aina ya simu yako.